Hiyo g ni ya milele, si ya miaka mitatu

Nimeletewa tena hesabu ya BAT Kenya, kampuni ya sigara, ambayo bei ya hisa imetoka hasi, na mwenyewe anauliza fomula imeharibika wapi. Fomula ni nzima:

```
P = D1 / (r - g)
```

P ni bei ya hisa, D1 ni gawio la mwaka ujao, r ni faida unayodai ili ukubali kushika hisa, g ni kasi ya gawio kukua. Ndugu yetu alichukua gawio la 2019, Sh33.50, na la 2022, Sh57, akapata ukuaji wa kama asilimia 19 kwa mwaka. r yake ilikuwa 17. Toa 19 kwenye 17, uone.

Jamani, g hii haina mwisho! Gawio linalokua asilimia 19 bila kukoma litaumeza uchumi mzima wa Kenya, na sijui wavuta sigara hao watatoka wapi. La 2023 lilishuka hadi Sh50, na la 2024 likabaki hapo hapo.

Mimi huanza na kinachobaki ndani ya kampuni. Mwaka 2023 kila hisa ilipata faida ya karibu Sh55.70, na Sh50 zikagawiwa. Imebaki kama asilimia 10. Anayekula karibu mavuno yote atapanua shamba kwa mbegu gani? Hata kila shilingi iliyobaki ikizaa senti 40 kwa mwaka, g ni asilimia 4. Unaweza kuongeza kidogo kwa sababu bei ya sigara hupanda na mfumuko wa bei, ila ushuru nao hupanda.

Kwa g ya 4 na r ya 17, D1 ni Sh52, na bei ni Sh400. Weka g ya 6, D1 inakuwa Sh53 na bei inaruka hadi kama Sh482. Pointi mbili tu, tena za kukisia.

Kwenye r ndiko mimi mwenyewe sina raha. Naanza na hatifungani ya serikali, naongeza kitu kwa ajili ya hatari. Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ya miaka 8.5 ilitoka kwa asilimia 18.46, bila kodi, ilhali gawio linakatwa asilimia 5. Naongeza tatu (kwa nini tatu? mazoea tu), r inakuwa kama 21.5 na, kwa g ile ile ya 4, bei inaanguka hadi Sh297. Kampuni haijabadilika hata kidogo. Na je, riba ya msimu mmoja niifanye ya milele? Sina jibu linaloniridhisha.

Kwa hiyo siku hizi naigeuza hesabu. Ukinunua kwa Sh400 huku ukidai 21.5, tayari umekubali kwamba gawio litakua asilimia 8 kila mwaka, milele. Nieleze litakuaje.