Splita ya HDMI: kwa nini menyu inaonekana lakini filamu inaleta giza?

Mwenye kibanda cha mpira mtaani kwetu alinunua runinga mpya ya 4K. Ya pili ilikuwa ya mtumba, nayo 4K, lakini ni ya miaka ile ya mwanzo, kama 2013. Akaweka splita ya mlango mmoja kuingia na miwili kutoka, akachomeka kisanduku chake cha intaneti. Menyu ikatokea safi kwenye runinga zote mbili. Alipobonyeza filamu, mpya ikaendelea kuonyesha na ya mtumba ikawa giza. Nilipofika alikuwa keshafunga splita kwenye mfuko airudishe dukani.

Dhana: Runinga ikiwa giza, splita ni mbovu au waya umekufa.

Ukweli ni kwamba menyu ilikuwa imeshajibu swali hilo. Waya mbovu hauchagui kati ya menyu na filamu. Picha ya menyu ikitulia kwenye runinga zote mbili, na giza likaja pale tu unapocheza kitu chenye haki za wenyewe, mtuhumiwa wa kwanza ni HDCP. Huu ni ulinzi dhidi ya kunakili, uliobuniwa na Intel, unaopita ndani ya waya uleule wa HDMI. Kabla ya kutoa picha, kisanduku na runinga hupeana funguo na kuhakikishana, kisha picha husafiri ikiwa imefichwa.

Splita halali ina funguo zake. Inaifungua picha, inaifunga upya kwa kila runinga, na inakitaarifu kisanduku kuna vifaa gani nyuma yake. Filamu nyingi za 4K zinadai HDCP toleo la 2.2 mpaka mwisho wa njia. Runinga ile ya mtumba inaijua 1.4 tu, kwa hiyo splita hairuhusiwi kuipitishia picha hiyo. Visanduku vingine ni vikali zaidi: vikiona kifaa kimoja hakifai, vinakata picha kote.

Dhana: Kila runinga ikicheza peke yake, zote mbili zitacheza pamoja.

Tulijaribu hilo. Tulichomeka ya mtumba moja kwa moja kwenye kisanduku, filamu ikacheza. Jamaa akanikodolea macho: “Si unaona? Splita hiyo!” Nikamwambia atazame taarifa za picha, zikasoma 1080p. Kisanduku kilipojikuta na runinga moja ya zamani kilishuka chenyewe hadi kiwango ambacho HDCP 1.4 inakubalika. Kikiwa nyuma ya splita, kilikutana kwanza na splita yenye 2.2, kikaona njia ni nyeupe, kikatoa 4K.

Dawa ilikuwa kwenye mipangilio: tuliweka picha itoke kwa 1080p badala ya kujichagulia, tukazima vyote, tukawasha runinga kwanza, halafu splita, mwisho kisanduku, ili wapeane funguo upya. Filamu ikacheza kotekote. Gharama yake ni kwamba ile runinga mpya haipati 4K tena splita ikiwapo. Anayeitaka 4K kwenye zote mbili itabidi abadilishe ya mtumba.

Dhana: Hata menyu isipoonekana, ni ulinzi uleule.

Mara nyingi sivyo. Kila runinga hubeba orodha ya viwango inavyoviweza, iitwayo EDID. Splita nyingi za bei nafuu husoma orodha ya mlango wa kwanza tu. Ukichomeka hapo runinga ya 4K, na mlango wa pili runinga ya zamani ya HD ya kawaida, hiyo ya pili itapelekewa picha ambayo haiwezi kuisoma, na itaandika “No Signal” tangu menyu. Badilisha milango: ile dhaifu ikae wa kwanza. Kama splita ina swichi ndogo ya EDID, iweke kwenye 1080p.

Hata hivyo, kuna vifaa vinavyofunga kila kitu, menyu ikiwemo. PS4 ni mfano: inatoka kiwandani HDCP ikiwa imewashwa muda wote. Kwenye mipangilio yake kuna “Enable HDCP”; ukiizima magemu yanapita, ila programu za filamu zitakataa kufunguka.

Dhana: Waya wa HDMI wenye vichwa viwili unafanya kazi ileile kwa bei ndogo.

Haufanyi. HDMI ni mazungumzo ya wawili. Runinga mbili zikiunganishwa kwenye nyaya zilezile hujibu kwa pamoja, na kisanduku hakisikii cha huyu wala cha yule. Mawimbi nayo hugawanyika yakadhoofika. Splita ya kweli utaijua kwa kuwa inahitaji umeme wake.