Miamala 20 isiyofanyika: mzigo wa ziada wa kodi

Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilianza kukata tozo kwenye miamala ya fedha kwa simu, kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Watu walijadili sana makato. Muamala ulioachwa kabisa kwa sababu ya makato hayo haukupata nafasi ya kutosha, nao una hasara yake.

Tuchukue soko la mfano, kwa takwimu za kubuni. Bila tozo, huduma moja ni Sh 1,000 na miamala ni 100 kwa siku. Inawekwa tozo ya Sh 400: mteja analipa Sh 1,250, mtoa huduma anabaki na Sh 850, miamala inashuka hadi 80.

```
Bei
1,250 |-------A
      |       |\
1,000 |       | C
      |       |/
  850 |-------B
      +-------+-+--- Miamala
             80 100
```

Mstari A–C ni wa wateja: bei ya juu kabisa wanayokubali kulipa. B–C ni wa watoa huduma: bei ya chini kabisa wanayoridhika nayo. Mstatili ulio kushoto ya A–B ni mapato ya serikali: 400 × 80 = Sh 32,000. Fedha hizo zimehama mifuko tu, hazijapotea. Wengi hukosea hapa, wakauita mstatili huo hasara ya kodi.

Hasara, yaani mzigo wa ziada wa kodi, ni pembetatu ABC: ½ × 400 × 20 = Sh 4,000. Chukua muamala wa 90. Mteja wake yuko tayari kulipa hadi Sh 1,125, na mtoa huduma anaridhika na Sh 925. Wangekubaliana, wangegawana faida ya Sh 200. Tozo ya Sh 400 inazidi faida hiyo, kwa hiyo muamala unakufa: mteja hapati huduma, mtoa huduma hapati malipo, na serikali haipati hata senti, kwani hakuna cha kukata.

Jumla inathibitisha. Wateja wanapoteza 250 × 80 + ½ × 250 × 20 = Sh 22,500, na watoa huduma 150 × 80 + ½ × 150 × 20 = Sh 13,500, jumla Sh 36,000. Serikali inapokea Sh 32,000. Zile Sh 4,000 hazina mpokeaji.

Sasa ongeza tozo mara mbili, iwe Sh 800. Kwa mistari hiihii miamala inabaki 60. Mapato yanapanda hadi Sh 48,000, nusu zaidi tu, lakini pembetatu inafika ½ × 800 × 40 = Sh 16,000, mara nne. Ndiyo maana viwango vikubwa kwenye kitu kimoja huumiza kuliko viwango vidogo vilivyotandazwa kwenye vitu vingi.

Ukubwa wa pembetatu hutegemea pia wepesi wa watu kukwepa. Palipo na njia mbadala, kama kumpa ndugu anayesafiri noti mkononi, miamala hupungua haraka na pembetatu hupanuka. Pasipo na njia nyingine, mteja hulipa tu: pembetatu ni ndogo, ingawa makato yenyewe yanaweza kumwelemea.