ANOVA imesema mbolea zinatofautiana, haya, ipi sasa?

Kuna mama mmoja wa Boma Ng'ombe alitupa kipande cha shamba lake la mahindi tufanyie jaribio la mbolea, siku ya matokeo nikaenda na laptopu nikamwonyesha kwamba mambo yametoka mazuri, mbolea zinatofautiana kweli. Akanitazama. "Haya mwanangu, kwa hiyo nikanunue ipi?" Nikabaki namung'unya maneno, maana nilikuwa nimeishia kwenye ANOVA tu, ile hesabu ya kupima kama wastani wa makundi unatofautiana, na ANOVA hilo swali haijibu.

Ngoja niwape lenyewe lilivyokuwa, namba nimezirahisisha kidogo ili mzifuate hata kwa kalamu. Ploti 15, mbegu ileile, ploti 5 kila mbolea, na nani apate nini tulipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia. Msicheke hiyo kofia, shamba lile upande wa chini liko karibu na mfereji na linashika unyevu, ukizipa ploti zote za huko mbolea moja utakuwa unapima maji sio mbolea na hakuna hesabu ya kukuokoa hapo. Mavuno kwa gunia za kilo 100 kwa ekari:

Samadi tu: 12, 14, 13, 15, 11. Wastani 13.
DAP ya kupandia na Urea ya kukuzia: 17, 19, 16, 18, 20. Wastani 18.
NPK ya kupandia na CAN ya kukuzia: 16, 18, 15, 19, 17. Wastani 17.

Sasa ANOVA inachofanya ni kulinganisha mitawanyiko miwili. Hata ploti zilizopata mbolea ileile hazikulingana, samadi imeanzia 11 ikafika 15, huo ni mchezo wa udongo na maji na panya na mengine, ndo kelele yetu. Ukichukua kila ploti ukatoa wastani wa kundi lake, ukazidisha jibu kwa lenyewe na kujumlisha, kila kundi linatoa 10, jumla 30, unagawa kwa 12 (ploti 15 toa makundi 3) unapata 2.5. Upande wa pili ni makundi yenyewe: wastani wa jumla ni 16, samadi iko chini kwa 3, DAP juu kwa 2, NPK juu kwa 1, kwa hiyo 9 na 4 na 1 ni 14, mara ploti 5 ni 70, gawa kwa 2, yaani makundi 3 toa 1, ni 35. Gawanya 35 kwa 2.5, F yako ni 14. Mbolea zingekuwa hazina tofauti F ingecheza huko karibu na 1, hii thamani yake ya p, yaani nafasi ya kupata F kubwa hivi kwa bahati tu, ni kama 0.0007.

Ila hiyo F imesema tu kwamba sio kweli kuwa zote tatu zinalingana, basi. Haijataja jina la mtu. Inaweza kuwa samadi peke yake ndo imebaki nyuma, inaweza kuwa kila moja iko kivyake.

Hapo wengi wanakimbilia kufanya t-testi tatu, jozi kwa jozi, kila moja kwa asilimia 5. Tatizo ni kwamba kila jozi ni nafasi nyingine ya kudanganywa na bahati, na kwa jaribio kama hili nafasi ya kuokota angalau tofauti moja ya uongo inapita asilimia 10, wakati wewe unaandika kwenye ripoti kwamba ni 5. Mi natumia Tukey, inazibana jozi zote tatu kwa pamoja zisizidi hiyo 5. Kwenye programu ya R, d ikiwa ndo jedwali lako lenye safu za mbolea na gunia, ni hivi:

```r
d$mbolea <- factor(d$mbolea)
m <- aov(gunia ~ mbolea, data = d)
summary(m)
TukeyHSD(m)
```

Mstari wa kwanza usiuruke kama makundi umeyaandika 1, 2, 3, maana R itadhani ni kiasi cha mbolea na itachora mstari badala ya kulinganisha makundi. Utaijua kwa kuangalia safu ya `Df`, mbolea iwe na 2, ukiona 1 rudi nyuma.

Kwa data yetu Tukey inataka wastani mbili ziachane kwa gunia 2.67 ndo tuseme zinatofautiana. DAP na samadi zimeachana kwa 5, NPK na samadi kwa 4, zote zimepita. DAP na NPK ni gunia 1 tu, haijafika. Na hapa msiteleze mkaandika kwamba hizo mbili zinalingana, kwa sababu masafa ambayo Tukey inaipa tofauti yao ya kweli yanatoka DAP kuzidiwa kwa gunia 1.67 mpaka DAP kuzidi kwa 3.67, yaani ploti 5 kwa kila kundi hazitoshi kuzitenganisha, na gunia 3 kwa mkulima sio kitu kidogo.

Nikarudi kwa yule mama. Nikamwambia samadi peke yake imeachwa, hizo mbili za dukani jaribio letu halijaweza kuzitofautisha. "Kwa hiyo nichukue ya bei nafuu?" Nikamjibu ndiyo mama, kwa msimu huu chukua hiyo, ila mwakani naomba ploti zaidi.