Mwanaidi na Chumba cha Mchanga: hadithi ya kumsomea mtoto kabla ya kumpeleka kwa mshauri

Watoto wengi wanaoletwa katika kliniki yetu ya ushauri kwa watoto kwa mara ya kwanza huwa wameambiwa nyumbani ama kwamba wanakwenda dukani, ama kwamba wanapelekwa kwa daktari. Aliyeambiwa dukani hufika akiwa ameshatambua kwamba amedanganywa, na aliyeambiwa daktari huingia akiwa ameushika mkono wake, kwa kuwa kwake yeye daktari ni sindano. Hadithi ifuatayo, ambayo ni ya kubuni, imeandikwa ili mzazi amsomee mtoto wa miaka 4 hadi 7 jioni ya siku moja kabla ya kumleta. Akisomewa wiki nzima mapema, mtoto wa umri huo hubaki na siku nyingi za kuwaza na kuogopa.

Mtoto wa hadithi hii alikuwa ameacha kukojoa kitandani kwa zaidi ya nusu mwaka, kisha akaanza tena baada ya kufiwa. Mtoto wa namna hiyo hupelekwa kwanza kupimwa, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu na hata kisukari huweza kuleta hali ileile. Hadithi inaanzia pale vipimo vilipokwisha bila kuonyesha ugonjwa.

*

Mwanaidi ana miaka mitano. Anapenda maandazi ya moto, na anapenda kuhesabu kuku wa jirani.

Zamani alilala chumba kimoja na bibi. Sasa bibi amekufa. Kitanda cha bibi kipo, lakini bibi hayupo. Tangu siku hizo, Mwanaidi huamka asubuhi na kukuta shuka limelowa.

Jioni moja mama akamwambia, "Kesho tutakwenda kwa Anti Rehema. Kazi yake ni kucheza na watoto na kuwasikiliza."

"Ana sindano?"

"Hana. Chumbani kwake hakuna sindano."

"Nimefanya kosa?"

"Hujafanya kosa. Shuka kulowa si kosa lako."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakaa kwenye benchi, nje ya mlango. Ukinitaka, utanikuta hapo hapo."

Chumba cha Anti Rehema kina mkeka, udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi, wanasesere wadogo, na beseni kubwa la mchanga. Anti Rehema aliketi chini, mkekani.

"Karibu, Mwanaidi. Humu unachagua mwenyewe cha kuchezea. Sitatangaza mambo unayocheza wala unayosema. Lakini nikijua kuna mtu anakuumiza, nitamwambia mtu mzima wa kukulinda."

Mwanaidi alinyamaza. Alisimama karibu na mlango.

"Bado unatazama," alisema Anti Rehema. "Tazama tu."

Mwanaidi akatazama. Halafu akaenda kwenye mchanga. Akajenga nyumba. Akachukua mwanasesere mmoja, akamfukia.

"Huyo umemfunika wote," alisema Anti Rehema.

"Amelala."

"Amelala chini ya mchanga."

"Haamki."

"Haamki, hata akiitwa."

Mwanaidi akachukua mwanasesere mdogo, akamweka juu ya mchanga. "Huyu anamtafuta." Kisha akashika konzi ya mchanga, akainua mkono amrushie Anti Rehema.

"Umekasirika, unataka kunirushia," alisema Anti Rehema. "Mimi si wa kurushiwa mchanga. Unaweza kuupiga humo ndani ya beseni."

Mwanaidi akaupiga mchanga. Akaupiga tena. Akaupiga mpaka nyumba ikabomoka. Halafu akaijenga upya.

"Zimebaki dakika tano," alisema Anti Rehema.

Mwanaidi alitaka kwenda nyumbani na yule mwanasesere mdogo. "Unatamani kuondoka naye," alisema Anti Rehema. "Vitu vya humu hukaa humu. Ukija Jumanne, utamkuta."

Mama alikuwa kwenye benchi, hapo hapo aliposema. Mwanaidi akamwambia, "Nina njaa."

Kesho yake shuka lililowa tena. Mama akalifua, akalianika. Mwanaidi akashika ncha moja, mama ncha nyingine.

*

Mzazi anayesoma ataona kwamba Anti Rehema hakumuuliza Mwanaidi habari ya kitanda wala ya bibi. Mtoto wa miaka mitano akiulizwa kwa nini analia au kwa nini anakojoa, kwa kawaida hujibu "sijui", naye anasema kweli. Ndiyo maana mshauri hutaja kile anachokiona kwa maneno machache na kumwachia mtoto aongoze, kanuni ambayo mwanasaikolojia wa Marekani, Virginia Axline, aliiweka miongoni mwa kanuni zake 8 za tiba ya mchezo mwaka 1947. Kwa mtu anayechungulia dirishani, kikao cha dakika 45 cha aina hii huonekana kana kwamba hakuna kazi inayofanyika.

Kuongozwa na mtoto hakuna maana kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Angalia tukio la mchanga: mshauri alitaja kwanza hasira, akaweka mpaka, kisha akaonyesha mahali pa kuipeleka hasira hiyo. Mpangilio huo una sababu, kwa kuwa mtoto anayekatazwa kabla hisia yake haijatambuliwa husikia kwamba hisia yenyewe ndiyo iliyokatazwa.

Neno lililonishughulisha zaidi katika kuandika ni "amekufa". Najua kwamba katika Kiswahili cha heshima binadamu hufariki, na kwamba wengi wetu mbele ya watoto husema bibi amelala, au bibi amesafiri. Lakini mtoto wa umri huu huchukua maneno kama yalivyo. Akiambiwa bibi amelala, naye amemwona akibebwa na kutorudi, anaweza kuanza kuogopa kulala yeye mwenyewe, au kuogopa mama akisinzia mchana. Mwanaidi aliposema "amelala" mbele ya mchanga, alikuwa akirudia maneno ya watu wazima. Anti Rehema hakumsahihisha katikati ya mchezo. Jambo la namna hiyo mshauri hulizungumza na mzazi faraghani, ili nyumbani mtoto aelezwe kwa upole na bila mafumbo kwamba mwili wa bibi umeacha kufanya kazi, kwamba hapumui, hasikii maumivu, wala hataamka.

Jina la Mwanaidi lisibadilishwe na kuwekwa la mtoto wako, kwa sababu ni rahisi kwa mtoto kuzungumzia hofu ya mwenzake kuliko yake. Sentensi ya mama kuhusu benchi nayo isisomwe ikiwa hutakaa hapo kweli. Kuna mzazi aliyetoka kununua vocha kwa dakika chache tu, mtoto akafungua mlango akakuta benchi tupu, na vikao viwili vilivyofuata akakataa kabisa kuingia bila mama. Ikiwa mtoto hawezi kuachana na mzazi siku ya kwanza, mzazi huingia naye na kukaa pembeni, akimwachia mtoto mchezo wake.

Wazazi kadhaa wameniomba nibadili mwisho, shuka liwe kavu. Sikukubali. Mabadiliko huhitaji vikao kadhaa, na mtoto aliyeahidiwa shuka kavu akiamka amelowa, atadhani kwamba ameshindwa kucheza vizuri. Kwa sababu hiyohiyo, mkiwa njiani kurudi, usimuulize alisema nini au kama alikuwa mtoto mzuri; swali hilo humfundisha kwamba kile chumba kina majibu sahihi, na kikao kinachofuata atatumia muda wake kuyatafuta. Akisema ana njaa, mpe chakula.