Muhtasari wa Taarifa ya Athari kwa Mazingira: Mfano wa Machimbo Madogo ya Mchanga

Taarifa ya athari kwa mazingira ni andiko linaloeleza, kabla kazi haijaanza, mradi utabadilisha nini katika ardhi, maji, hewa na maisha ya watu walio karibu, na mwenye mradi atafanya nini ili madhara hayo yaepukwe au yapungue. Muhtasari wake ni sehemu ya mwanzo iliyoandikwa kwa lugha nyepesi, na kwa kawaida ndiyo sehemu pekee ambayo jirani wa machimbo ataisoma. Kwa sababu hiyo haipaswi kuwa utangulizi wa kusifia mradi. Jirani akimaliza kuusoma, anapaswa kujua shimo litakuwa na ukubwa gani, litakaa wazi kwa muda gani, litamgusa vipi, na ataona dalili gani ahadi zikivunjwa.

Tuchukue mfano wa machimbo ya hekta mbili, yaani kiwanja cha mita 200 kwa 100, kwenye ardhi tambarare yenye tabaka nene la mchanga chini ya udongo wa juu wa sentimita 30. Pembezoni pote umeachwa ukanda wa mita 10 usiochimbwa, kwa hiyo eneo la kuchimba ni mita 180 kwa 80. Muhtasari unasema kwamba shimo litafika kina cha mita 5, na kwamba maji ya ardhini yako mita 6.5 chini, hivyo itabaki mita moja na nusu ya mchanga mkavu juu ya maji.

Mimi huanza kusoma hapo, kwenye maji, kwa sababu kina cha shimo ndicho kinachoamua karibu kila kitu kingine. Mchanga ulio juu ya maji hufanya kazi ya chujio: mvua hupita ndani yake polepole na kuacha uchafu njiani. Ukiuondoa wote, maji hubaki wazi, na dizeli kidogo iliyomwagika kutoka kwenye kijiko cha kuchimbia inaweza kufika kisimani bila kizuizi. Ndiyo maana machimbo madogo hushauriwa kuchimba mchanga mkavu tu na kuacha tabaka la akiba, kwa mfano mita moja, juu ya kiwango cha juu kabisa ambacho maji hufikia.

Maneno "kiwango cha juu kabisa" ndiyo yanayosahauliwa. Katika mfano wetu, ile mita 6.5 ilipimwa mara moja, mwishoni mwa kiangazi, wakati maji yameshuka mno. Kisima cha jirani kinasimulia habari nyingine. Ukiinama juu yake utaona alama ya unyevu ukutani, nayo ukiipima kwa kamba yenye uzito mwishoni inakuja mita 5 kutoka usawa wa ardhi. Shimo la majaribio nalo linaonyesha hivyo hivyo: kuanzia kina hicho kwenda chini mchanga haujakolea rangi moja, bali una madoa ya kutu yaliyochanganyika na kijivu, jambo linalotokea pale ambapo maji hupanda na kushuka kwa miaka mingi. Madoa hayo peke yake yanaweza kuwa ya zamani sana, lakini yakikubaliana na kisima ni ushahidi wa kutosha. Maana yake ni kwamba shimo la mita 5 lingegusa maji kila msimu wa mvua, na ile akiba ya mita moja na nusu ilikuwepo kwenye karatasi tu.

Hatua sahihi ya kupunguza athari hapa si kuahidi "uangalifu", bali ni kuinua sakafu ya shimo hadi mita 4. Hesabu nyingine zote lazima zifuate. Kuta zikilazwa kwa mteremko wa mita mbili za ulalo kwa kila mita moja ya kina, na udongo wa juu ukitolewa kwenye hesabu, shimo la mita 5 lingetoa takribani mita za ujazo 55,000 za mchanga. La mita 4 litatoa takribani 45,000. Mchanga uliochimbuliwa huvimba, tuseme kwa asilimia 12, kwa hiyo lori la mita za ujazo 10 litahitaji tripu zipatazo 5,000. Kwa tripu 10 kwa siku na siku 250 za kazi kwa mwaka, machimbo yatadumu miaka miwili. Ukiona muhtasari unaotaja tripu 10 kwa siku katika sura ya barabara, lakini muda wake na ujazo wake haviafikiani na idadi hiyo, ujue ama shimo litakuwa kubwa kuliko ilivyosemwa, ama malori yatakuwa mengi zaidi.

Tripu 10 ni malori 20 yanayopita mlangoni kwa mtu, kwenda na kurudi, na hapo ndipo vumbi linapoingia. Hatua inayoandikwa karibu kila mara ni kumwagilia barabara, na ni hatua nzuri, ila hugharimu maji. Barabara ya vumbi yenye urefu wa mita 1,200 na upana wa mita 5 ina mita za mraba 6,000. Ukimwaga lita moja kwa kila mita ya mraba mara mbili kwa siku, unatumia lita 12,000 kila siku ya kiangazi. Muhtasari usiosema maji hayo yatatoka wapi haujamaliza kazi. Kama yatatoka kwenye kisima kile kile tulichotaka kukilinda, dawa imegeuka kuwa ugonjwa mwingine, na afadhali kupunguza mwendo wa malori, kufunika mizigo kwa turubai na kumwagilia tu sehemu iliyo mbele ya nyumba.

Kelele za machimbo ya kiasi hiki hupunguzwa hasa kwa kuweka mipaka ya saa za kazi.

Udongo wa juu unahitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa ukipotea haununuliki kirahisi. Eneo letu lina zaidi ya mita za ujazo 4,000 za udongo huo. Unapaswa kukwanguliwa ukiwa mkavu, kuwekwa mbali na mchanga, katika marundo yasiyozidi mita mbili kwenda juu na yasiyokanyagwa na mashine, kisha kupandwa nyasi. Rundo refu lililoshindiliwa hukosa hewa katikati, na viumbe na mbegu zilizomo hufa. Shimo lichimbwe kwa vipande, ili kipande kilichokwisha kirudishiwe udongo wakati kingine kinachimbwa.

Hata hayo yote yakifanyika, kuna athari zitakazobaki, na muhtasari mwaminifu huzitaja: ardhi itakuwa bonde lenye kina cha karibu mita 4, na tabaka la kuchujia maji litakuwa jembamba milele. Kwa hiyo sehemu ya ufuatiliaji isiseme tu kwamba maji "yatapimwa". Iseme kwamba bomba la kupimia kina cha maji ya ardhini litasomwa kila mwezi, na kila wiki wakati wa mvua. Kwamba maji yakipanda hadi chini ya mita moja kutoka sakafu ya shimo, uchimbaji wa sakafu utasimama mpaka yashuke. Na kwamba vipimo vitabandikwa langoni, mahali ambapo mwenye kisima anaweza kuvilinganisha na kamba yake.