Wizi wa Maandishi: Maana Yake kwa Mwanafunzi Anayekwenda Kusoma Nje

Wizi wa maandishi ni kuwasilisha maneno au mawazo ya mtu mwingine kana kwamba ni yako, uwe umekusudia au hukukusudia. Kununua insha kila mtu anajua kuwa ni udanganyifu. Kinachowaponza wanafunzi waaminifu wanaotoka Dar es Salaam ni kubadilisha maneno machache ya chanzo, wakiamini kuwa huko ndiko kuandika kwa maneno yao wenyewe.

Tuseme makala uliyosoma ina sentensi hii: "Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, abiria wa Kimara waliwahi kufika Kivukoni kwa sababu mabasi hayo yalipewa njia yake." Nawe unaandika: "Mwendokasi ulipoanzishwa mwaka 2016, wasafiri wa Kimara walifika Kivukoni mapema kwa kuwa magari hayo yalitengewa barabara yake." Maneno yamebadilika, lakini mpangilio ni uleule, na hata ukitaja chanzo, vyuo vingi bado vitaliona kosa, kwa sababu kutaja chanzo kunaonyesha wazo limetoka wapi bila kuonyesha kwamba sentensi nayo ni ya mwandishi wa makala. Sasa funika makala, jiulize imekufundisha nini, kisha andika: "Kilichookoa muda si basi jipya, bali ni kuliondoa basi kwenye foleni." Hapo ulinganishe na makala, halafu utaje chanzo, maana wazo bado si lako.

Mara nyingi kosa huanzia kwenye daftari. Mwanafunzi hunakili aya nzima maktaba bila alama za mtajo, na baada ya wiki tatu hawezi tena kutofautisha maneno ya kitabu na yake. Kwa hiyo, kila unachonakili neno kwa neno kitie alama hizo na namba ya ukurasa papo hapo.

Vyuo vingi hupitisha kazi kwenye programu kama Turnitin, ambayo hutoa asilimia ya maandishi yanayofanana na yaliyokwisha kuandikwa. Asilimia hiyo si hukumu. Kazi yenye 25 inaweza kuwa safi ikiwa mfanano umetokana na nukuu na orodha ya marejeo, na yenye 8 ikawa na kosa kubwa ikiwa yote ni aya moja iliyonakiliwa.

Ukiwa na shaka, muone mhadhiri kabla ya kuwasilisha. Najua kwetu kubisha mlango wa mwalimu huonekana kama kumsumbua, lakini huko wahadhiri wengi hutangaza saa maalumu za kuonana na wanafunzi. Usiulize tu, "Insha yangu iko sawa?" Nenda na aya yako na ukurasa wa chanzo, useme: "Naomba unionyeshe kama hapa nimekaribia mno maneno ya mwandishi." Hatakukagulia insha yote, ila aya hiyo moja anaweza kuipitia nawe. Ukishawasilisha na kosa likaonekana, huenda suala likapelekwa kwenye kamati ya nidhamu ya kitaaluma, na yeye asiwe tena na uwezo wa kulimaliza.