Kinena kinauma nikipiga shuti: msuli wa ndani ya paja unapona lini?

Dokta, nina miaka 23, nasukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, hapa Goma, na Jumapili nacheza mpira Majengo. Wiki 5 zilizopita nilipiga shuti la mguu wa kulia, nikasikia kama uzi umekatika ndani ya paja, juu kabisa karibu na kinena. Nikapumzika wiki 3, maumivu yakaisha. Niliporudi uwanjani, shuti la tatu tu, yakaanza tena. Nilikosea wapi?

Kupumzika hukukosea, mdogo wangu. Ulirudi kabla msuli haujapata nguvu zake, ukadhani kwamba kwa kuwa hauumi, basi umepona.

Kaa chini, unganisha nyayo zako, acha magoti yaanguke pembeni. Ndani ya paja, juu, utagusa kitu kilichokaza kama kamba, kinachokwenda hadi kwenye mfupa wa kinena. Huo ni mmoja wa misuli inayovuta mguu kuelekea mwenzake, na ndio unaoumia mara nyingi kwa wapiga mpira. Kabla ya shuti mguu unakwenda nyuma na nje kidogo, na msuli huo unanyooka. Kabla haujarudi, unatakiwa ukaze ili mguu ugeuke na kurushwa mbele. Kunyooshwa na kukaza kwa wakati mmoja ndiko kunakochana nyuzi zake, na vijana hapa wanaita klakaji.

Baada ya wiki 3 nyuzi nyingi zimeshaunganika, na kutembea sokoni hakuumi kwa sababu kutembea hakuombi nguvu kubwa. Shuti linaomba. Tena, ulipoacha mpira, uliacha na chukudu? Nadhani hukuacha, maana ndiyo inayokulisha. Goti moja liko juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma ardhi hadi nyuma kabisa: msogeo huo unafanana sana na mwanzo wa shuti. Kama mguu unaosukuma ni huohuo wa kulia, msuli ulikuwa kazini kila siku. Kwa sasa punguza mzigo, au zoeza mguu wa kushoto usukume.

Nitajuaje kama ni msuli kweli na si ugonjwa mwingine?

Lala chali, kunja magoti, weka mpira katikati yake na ubane kwa nguvu. Maumivu yakija pale ulipoumia, au nguvu ikakukimbia, msuli huo una kesi. Uguse kwa kidole hadi kwenye mfupa: ukipata sehemu inayokufanya uruke, dalili inazidi kukubaliana.

Lakini kinena ni njia panda ya mambo mengi. Uvimbe unaotokeza ukikohoa unaelekea kwenye ngiri. Homa, au kuungua wakati wa kukojoa, vinataka vipimo. Maumivu makali ya ghafla ya korodani yanataka hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Na mtoto wa miaka 12 au 13 anayechechemea na kulalamika kinena au goti asipewe mazoezi kabla nyonga yake haijapigwa radio, kwa sababu mfupa wake unaweza kuwa umeteleza.

Ukiona damu imevilia paja lote, ukahisi shimo pale msuli unapoanzia, au huwezi kabisa kuvuta mguu kuelekea ndani, huenda kano imeng'oka kwenye mfupa. Hapo tafuta ekografi na daktari wa mifupa.

Nianze na mazoezi gani sasa?

Kwa kuwa umejitonesha, rudi mwanzo. Siku 2 au 3 za kwanza tembea kiasi ambacho hakikuchechemeshi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15, inatuliza maumivu. Usiruhusu mtu akukande kwa nguvu wala akuvute miguu itanuke. Nyuzi mpya bado ni laini.

Kisha anza na zoezi lile la kubana mpira: sekunde 10, pumzika, mara 10, kila siku. Nipe maumivu yako kwa alama, 0 hadi 10. Yakikaa 2 au chini yake, na kesho yake asubuhi hayajaongezeka, unaendelea. Asubuhi hiyo ndiyo kipimo chako, kwa sababu msuli uliozidiwa mara nyingi hulalamika siku inayofuata.

Kubana kukiwa rahisi, lala ubavu wa kulia. Mguu wa juu uweke mbele, mguu wa chini, ule ulioumia, uinue taratibu na uushushe taratibu zaidi. Seti 3 za mara 10, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baadaye funga kifundo cha mguu kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, ufunge upande wa pili kwenye mti, uvute mguu kuelekea mwenzake. Haugharimu kitu, na ukiona umekuwa rahisi unasogea mbali na mti.

Zoezi la mwisho ndilo wengi wanaloliruka, nami nalipenda kuliko yote. Lala ubavu, egemea kiwiko, mwenzako ashike mguu wako wa juu. Inua kiuno hadi mwili unyooke, mguu wa chini ukija kukutana na wa juu, kisha shuka kwa sekunde 3. Hapa mguu wa juu ndio unaofanya kazi, kwa hiyo mguu wako wa kulia uwe juu. Mwanzoni mwenzako akushike kwenye goti. Ukimaliza mara 10 bila shida, akushike kwenye kifundo, na hapo utaona mara 3 hadi 5 zinatosha kukutoa jasho. Ongeza polepole. Litakuachia paja zito siku 2, hivyo usilifanye siku moja kabla ya mechi.

Na mpira nirudi lini?

Mchaniko mdogo huomba wiki 2 hadi 3, wa kati wiki 4 hadi 6. Kano iliyong'oka inaweza kufika miezi 3. Maumivu yaliyozeeka, yale ya kucheza nayo msimu mzima, kwa kawaida yanataka wiki 8 hadi 12 za mazoezi. Wewe umeumia mara mbili, kwa hiyo nahesabu wiki 6 kuanzia leo, na sitaona ajabu zikizidi.

Kalenda lakini haipigi shuti. Kwanza ubane mpira kati ya vifundo, miguu imenyooka, bila maumivu. Kisha kimbia moja kwa moja, baadaye kimbia ukigeuka. Pasi fupi 20 kwa ndani ya mguu, ungoje asubuhi. Pasi ndefu, ungoje asubuhi. Mashuti ya nguvu yaje mwisho, mpira ukiwa umetulia, 5 kwanza, kisha 10.

Kocha anasema nipigwe sindano ya diklofenaki kabla ya mechi, nicheze tu.

Sindano hiyo inanyamazisha maumivu, haiunganishi nyuzi. Utapiga shuti lilelile kwa msuli uleule, ila hutasikia unapochanika. Mwambie kocha akuweke benchi, na badala yake timu nzima ifanye lile zoezi la kiuno mara moja kwa wiki msimu ukiwa unaendelea, na mara 2 au 3 kwa wiki kabla ya msimu. Nchini Norwe lilijaribiwa kwenye timu 35 za wanaume, na hatari ya matatizo ya kinena ilipungua kwa asilimia 41 kwa timu zilizolifanya. Linakula dakika chache tu, wawiliwawili, kando ya uwanja.